Kengele, Alama z na Jedwali: Somo la Takwimu kutoka Ubao wa Kupimia Watoto

Siku ya kupima watoto kliniki, mama wawili wameleta watoto waliotimiza miaka miwili siku moja. Mmoja ni mvulana, wa pili ni msichana. Kila mmoja amesimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu, visigino vimegusa ubao, macho yanatazama mbele. Mvulana amepatikana na urefu wa sentimita 82.0, na msichana sentimita 81.0. Mama wa mvulana anaondoka ameridhika, kwa kuwa mwanawe amempita mwenzake kwa sentimita nzima.

Muuguzi aliyeandika vipimo hivyo haridhiki. Katika hesabu yake mvulana ndiye aliyebaki nyuma zaidi. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo, ambayo ndiyo hiyo hiyo anayoulizwa mwanafunzi katika jaribio la kwanza la takwimu: mtawanyiko wa kawaida, alama z, na namna ya kusoma jedwali ili kupata uwezekano. Mwisho wake itaonekana kwamba jedwali hilo moja linaweza pia kueleza habari ya taifa zima.

UMBO LA KENGELE

Urefu wa mtoto hautokani na sababu moja. Hutokana na urithi kutoka kwa baba na kwa mama, chakula, maradhi aliyougua, uzito aliozaliwa nao, na mambo mengine mengi, kila moja likiongeza au kupunguza kidogo. Sababu nyingi ndogo zinapojumlishwa namna hii, watoto wengi huangukia karibu na katikati, kwa sababu ni nadra sababu zote zivute upande mmoja. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na katikati, ndivyo watoto wanavyopungua, na hupungua kwa namna ile ile upande wa wafupi na upande wa warefu.

Idadi hizo zikichorwa, mstari huanza chini kabisa upande wa kushoto, hupanda, hufikia kilele katikati, kisha hushuka upande wa kulia. Umbo lake ni la kengele. Wataalamu wa takwimu huuita mtawanyiko wa kawaida. Abraham de Moivre aliandika kanuni yake mwaka 1733 alipokuwa akichunguza hesabu za kurusha sarafu mara nyingi. Baadaye Carl Friedrich Gauss aliitumia mwaka 1809 katika makosa ya vipimo vya nyota.

Ili kuchora kengele yoyote ya aina hii huhitajika namba mbili tu. Ya kwanza ni wastani, unaoonyesha kilele kilipo. Ya pili ni mkengeuko sanifu, unaoonyesha jinsi kengele ilivyotanuka. Mkengeuko sanifu ukiwa mdogo, kengele huwa nyembamba na ndefu, maana watoto wamekusanyika karibu na wastani. Ukiwa mkubwa, kengele hutanuka na kuwa fupi. Katika kila kengele ya kawaida, iwe nyembamba au pana, watu kama 68 katika kila 100 wamo ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani, kushoto na kulia, na kama 95 katika kila 100 wamo ndani ya mikengeuko miwili.

KENGELE YA WATOTO WALIOKUA VIZURI

Kengele anayoitumia muuguzi ina asili inayojulikana. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilisimamia upimaji wa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Hawakuchaguliwa watoto wowote tu. Walichaguliwa wale ambao makazi yao hayakuwa na kizuizi cha kukua: walinyonyeshwa maziwa ya mama, walipata huduma za afya, na mama zao hawakuvuta sigara. Jambo lililodhihirika ni kwamba watoto wa Maskati, Akra, Oslo na kwingineko walikua kwa urefu kwa namna inayofanana sana. Kutokana na vipimo hivyo, viwango vya ukuaji vilitangazwa mwaka 2006.

Kwa mvulana wa miaka miwili kamili, aliyepimwa akiwa amesimama, viwango hivyo vinatoa wastani wa sentimita 87.1 na mkengeuko sanifu wa takriban sentimita 3.06. Kwa msichana wa umri huo, wastani ni sentimita 85.7 na mkengeuko sanifu ni takriban sentimita 3.23. Hapo ndipo fumbo la watoto wawili linapoanza kufumbuka: wavulana na wasichana wana kengele mbili tofauti, na kila mtoto hapana budi apimwe ndani ya kengele yake.

ALAMA z

Sentimita haziwezi kulinganishwa moja kwa moja kutoka kengele moja hadi nyingine. Hivyo hutafutwa kipimo kinachofaa kengele zote. Badala ya kuuliza mtoto ana sentimita ngapi, huulizwa: yuko umbali wa mikengeuko sanifu mingapi kutoka kwenye wastani wa wenzake? Jibu la swali hilo ndilo huitwa alama z. Kanuni yake ni hii:

z = (kipimo − wastani) ÷ mkengeuko sanifu

Kwa mvulana:

z = (82.0 − 87.1) ÷ 3.06 = −5.1 ÷ 3.06 = −1.67

Kwa msichana:

z = (81.0 − 85.7) ÷ 3.23 = −4.7 ÷ 3.23 = −1.46

Alama ya kutoa maana yake ni kwamba mtoto yuko chini ya wastani. Mvulana yuko chini kwa mikengeuko 1.67 na msichana kwa mikengeuko 1.46. Kwa hiyo mvulana, ingawa ni mrefu zaidi kwa sentimita, ndiye aliyebaki nyuma zaidi miongoni mwa wenzake. Muuguzi alikuwa sahihi.

Yafaa mwanafunzi aangalie mambo mawili katika hatua hii. Kwanza, kutoa hufanywa kabla ya kugawanya, na kipimo cha mtoto ndicho hutangulia. Anayeandika 87.1 − 82.0 hupata alama chanya na kumhamishia mtoto mfupi upande wa warefu. Pili, z huandikwa kwa nafasi mbili za desimali, kwa sababu ndivyo majedwali mengi yalivyopangwa.

JEDWALI LINASEMA NINI

Alama z inaeleza mahali mtoto aliposimama. Haijasema ni watoto wangapi walio chini yake. Hilo hutafutwa kwa kupima eneo lililo chini ya mstari wa kengele. Eneo lote huhesabiwa kuwa 1, yaani watoto wote. Eneo lililo kushoto ya alama fulani ni sehemu ya watoto walio chini ya alama hiyo. Nalo ndilo uwezekano kwamba mtoto aliyeteuliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi hilo atakuwa chini ya alama hiyo.

Eneo hilo haliwezi kupatikana kwa kanuni fupi ya kujumlisha na kuzidisha. Ndiyo sababu watu walilihesabu mara moja kwa taabu, wakaliandika katika jedwali ili wengine wasirudie kazi. Christian Kramp alichapisha jedwali la namna hiyo mwaka 1799. Kwa kuwa kila kengele ya kawaida, ikishageuzwa kuwa alama z, inakuwa kengele moja ile ile yenye wastani 0 na mkengeuko sanifu 1, jedwali moja hutosha kwa urefu wa watoto, uzito wa mifuko ya saruji au jambo lolote jingine linalofuata mtawanyiko huo.

Sehemu ya jedwali hilo ni hii. Inatoa eneo lote lililo kushoto ya z.

| z | .00 | .01 | .02 | .03 | .04 | .05 | .06 | .07 | .08 | .09 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 0.0 | .5000 | .5040 | .5080 | .5120 | .5160 | .5199 | .5239 | .5279 | .5319 | .5359 |
| 0.5 | .6915 | .6950 | .6985 | .7019 | .7054 | .7088 | .7123 | .7157 | .7190 | .7224 |
| 0.9 | .8159 | .8186 | .8212 | .8238 | .8264 | .8289 | .8315 | .8340 | .8365 | .8389 |
| 1.2 | .8849 | .8869 | .8888 | .8907 | .8925 | .8944 | .8962 | .8980 | .8997 | .9015 |
| 1.3 | .9032 | .9049 | .9066 | .9082 | .9099 | .9115 | .9131 | .9147 | .9162 | .9177 |
| 1.4 | .9192 | .9207 | .9222 | .9236 | .9251 | .9265 | .9279 | .9292 | .9306 | .9319 |
| 1.6 | .9452 | .9463 | .9474 | .9484 | .9495 | .9505 | .9515 | .9525 | .9535 | .9545 |
| 2.0 | .9772 | .9778 | .9783 | .9788 | .9793 | .9798 | .9803 | .9808 | .9812 | .9817 |

Ukingo wa kushoto una namba nzima ya z na desimali yake ya kwanza. Ukingo wa juu una desimali ya pili. Ili kusoma 1.67, kidole cha mkono mmoja huteremka ukingoni hadi 1.6, na kidole cha mkono wa pili huenda juu hadi .07. Mstari na safu hukutana kwenye .9525. Maana yake, asilimia 95.25 ya eneo lipo kushoto ya z = 1.67.

Lakini mvulana ana −1.67, na jedwali hili halina alama za kutoa. Hazihitajiki, kwa sababu pande mbili za kengele zinalingana. Sehemu iliyo chini ya −1.67 ni sawa kabisa na sehemu iliyo juu ya 1.67. Iliyo juu hupatikana kwa kutoa iliyo chini kutoka eneo lote:

1 − 0.9525 = 0.0475

Kwa hiyo, kati ya wavulana 1,000 wa miaka miwili waliokua bila kizuizi, wapatao 48 tu ndio wafupi kuliko sentimita 82.0. Kwa msichana, jedwali linatoa .9279 kwa z = 1.46, na 1 − 0.9279 = 0.0721: kama wasichana 72 katika 1,000 ni wafupi kuliko yeye.

MASWALI MANNE YA JEDWALI

Maswali ya majaribio, hata yakivikwa mavazi mbalimbali, karibu yote ni ya namna nne. La kwanza, "chini ya," limekwisha kujibiwa. Yaliyobaki ni matatu, na yote yatatumia wavulana wale wale wa miaka miwili.

"Juu ya." Je, ni sehemu gani ya wavulana wanaozidi sentimita 90.0? Alama z ni (90.0 − 87.1) ÷ 3.06 = 2.9 ÷ 3.06 = 0.95. Jedwali linatoa .8289. Hii ni sehemu ya walio chini. Walioulizwa ni walio juu, nao ni 1 − 0.8289 = 0.1711. Mwanafunzi anayesimama kwenye .8289 amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kinga yake ni kuchora kengele ndogo pembeni mwa karatasi na kutia kivuli upande ulioulizwa. Kivuli kikiwa kidogo kuliko nusu ya kengele, jibu haliwezi kuzidi 0.5.

"Kati ya." Ni sehemu gani iliyo kati ya sentimita 82.0 na 90.0? Hapa maeneo mawili ya kushoto hutolewa, kubwa kutoa dogo. Kushoto ya 90.0 kuna 0.8289; kushoto ya 82.0 kuna 0.0475. Tofauti ni 0.7814. Kosa la kawaida ni kutoa alama z zenyewe, yaani 0.95 kutoa −1.67, kisha kutafuta 2.62 katika jedwali. Alama z ni umbali na jedwali hutoa maeneo. Umbali mmoja karibu na kilele hubeba watoto wengi, na umbali ule ule mkiani hubeba wachache.

"Kurudi nyuma." Safari hii sehemu ya watoto inajulikana na kinachotafutwa ni urefu. Ni urefu gani ambao asilimia 10 ya wavulana wako chini yake? Sasa hutafutwa ndani ya jedwali, si ukingoni. Kwa kuwa asilimia 10 wako mkia wa kushoto, hutafutwa .9000 upande wa kulia. Namba iliyo karibu zaidi ni .8997, kwenye mstari wa 1.2 na safu ya .08. Alama ni 1.28, nayo hupewa alama ya kutoa kwa kuwa mkia ni wa kushoto. Kisha kanuni hugeuzwa:

kipimo = wastani + (z × mkengeuko sanifu) = 87.1 − (1.28 × 3.06) = 87.1 − 3.9 = 83.2

Mvulana wa miaka miwili aliye chini ya sentimita 83.2 yumo katika kumi la chini la wenzake waliokua vizuri.

MAJEDWALI HAYAFANANI

Mwanafunzi aliyezoea jedwali la kitabu kimoja huweza kupotea akipewa la kitabu kingine. Baadhi ya majedwali hutoa eneo lote la kushoto, kama hili. Mengine hutoa eneo kuanzia katikati hadi z tu, humo 1.67 huonyesha .4525, na hapana budi kuongeza .5000. Mengine tena hutoa mkia wa kulia peke yake, humo 1.67 huonyesha .0475 papo hapo.

Kuyatambua si kazi ngumu. Itazamwe kwanza namba iliyoandikwa kwa z = 0.00. Ikiwa .0000, jedwali linaanzia katikati. Ikiwa .5000 na namba zinaongezeka kadiri mtu anavyoteremka, jedwali ni la eneo la kushoto. Ikiwa .5000 na namba zinapungua, ni la mkia wa kulia. Ukaguzi huu ufanywe kabla ya swali la kwanza, maana kosa lake huharibu majibu yote.

MSTARI WA KUTOA MBILI

Katika viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto ambaye alama z ya urefu kwa umri wake iko chini ya −2 huhesabiwa kuwa na udumavu. Kwa mvulana wa miaka miwili mstari huo uko kwenye sentimita 81.0, kwani 87.1 − (2 × 3.06) hutoa 81.0 takriban. Mvulana wa kliniki, mwenye 82.0, bado yuko juu ya mstari kwa sentimita moja.

Jedwali linasema nini juu ya mstari wenyewe? Kwa z = 2.00 linatoa .9772, na 1 − 0.9772 = 0.0228. Basi hata kati ya watoto 1,000 waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri, wapatao 23 watakuwa chini ya mstari. Hao ni wafupi kwa maumbile yao, kama wapo watu wazima wafupi wenye afya njema.

Hapa pana kosa la fikra ambalo ni zito kuliko makosa ya hesabu. Mtu huona 0.0228 akasema: "Mtoto huyu yuko chini ya mstari, basi uwezekano kwamba ni mzima ni asilimia 2.28." Jedwali halikusema hivyo. Jedwali limeanza na watoto waliokua vizuri na kueleza wangapi kati yao watakuwa chini ya mstari. Swali la pili linaanza na watoto walio chini ya mstari na kuuliza wangapi kati yao walikua vizuri. Jibu la swali hilo hutegemea udumavu umeenea kiasi gani mahali pale, na jedwali la kengele halina habari hiyo. Kwa mtoto mmoja, alama z ni sababu ya kumchunguza: apimwe tena baada ya muda, ilinganishwe njia yake ya kukua, iulizwe habari ya maradhi na chakula, na urefu wa wazazi wake.

KENGELE YA TAIFA ILIYOSOGEA

Kinachofichika kwa mtoto mmoja huonekana wazi kwa watoto wengi. Utafiti wa Demografia na Afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, yaani walikuwa chini ya −2. Kengele ya watoto waliokua vizuri ingetoa asilimia 2.28. Badala ya watoto 23 katika kila 1,000, wamepatikana 300.

Wengi husoma habari hiyo wakadhani kwamba watoto 300 wameathirika na 700 waliobaki ni salama. Jedwali linatoa picha nyingine. Tuseme kengele ya watoto wa nchi ina upana ule ule wa kengele ya viwango, ila imesogea kushoto. Imesogea kiasi gani hata asilimia 30 iwe chini ya −2? Swali hili ni la kurudi nyuma. Asilimia 30 kushoto ni sawa na kutafuta .7000 ndani ya jedwali. Iliyo karibu zaidi ni .6985, kwenye 0.52. Kwa hiyo mstari wa −2 uko mikengeuko 0.52 kushoto ya wastani wa watoto wa nchi, na wastani huo ni:

−2 + 0.52 = −1.48

Wastani wa watoto, ambao ulipaswa kuwa 0, umeshuka hadi karibu −1.5. Kwa kipimo cha mvulana wa miaka miwili, mikengeuko 1.48 ni 1.48 × 3.06, sawa na sentimita 4.5. Hesabu hii ni ya makadirio. Kengele ya nchi huwa pana kuliko ya viwango, kwa kuwa hali za watoto hutofautiana sana na vipimo vya nyumba kwa nyumba vina makosa yake. Tena udumavu hautoshani katika kila umri. Lakini mwelekeo hauna shaka: kengele nzima imesogea. Mtoto aliye kwenye −1.67, kama mvulana wa kliniki, haitwi mdumavu, wala hahesabiwi katika ile asilimia 30. Hata hivyo, yumkini angekuwa mrefu zaidi kama angekua bila maradhi ya kuhara ya mara kwa mara na bila upungufu wa chakula bora. Ndiyo maana chakula cha mama mjamzito, maji safi na lishe ya miaka miwili ya kwanza huwahusu watoto wote wa kijiji, si walio chini ya mstari pekee.

KINACHOHARIBU HESABU

Alama z ni sahihi kadiri ya kipimo kilichoingizwa. Mtoto aliyelazwa hupimwa mrefu zaidi ya akisimama, kwa sentimita 0.7 hivi. Kwa kawaida walio chini ya miaka miwili hupimwa wakiwa wamelala, na waliotimiza miaka miwili hupimwa wakiwa wamesimama. Mvulana wa miaka miwili akilazwa akapatikana na 81.5, kisha namba hiyo ikapelekwa kwenye kiwango cha kusimama, z huwa −1.83, naye huonekana yu salama. Ikiondolewa 0.7 kwanza, urefu wake ni 80.8 na z ni −2.06. Amevuka mstari bila yeyote kugundua. Umri usio sahihi hudhuru zaidi, kwa kuwa mtoto mdogo hukua upesi na wastani wake hubadilika kila mwezi.

Mpaka wa pili ni wa kengele yenyewe. Urefu wa watoto kwa umri hufuata mtawanyiko wa kawaida vizuri, uzito haufuati. Kengele ya uzito ina mkia mrefu upande wa kulia, kwa kuwa mtoto huweza kuzidi uzito mno kuliko anavyoweza kupungukiwa. Kwa sababu hiyo viwango vya uzito hutumia kanuni nyingine inayonyoosha mkia huo kabla ya kutoa alama z. Anayechukua wastani na mkengeuko sanifu wa uzito, akatumia kanuni ya kawaida na kwenda kwenye jedwali, atapata jibu lenye desimali nne ambalo si la kweli. Kabla ya kufungua jedwali, msomaji yampasa ajiulize kama pande mbili za mtawanyiko alionao zinalingana.

JARIBIO

1. Msichana wa miaka miwili ana urefu wa sentimita 90.0. Ni sehemu gani ya wasichana waliokua vizuri wanaomzidi?

2. Ni sehemu gani ya wavulana wa miaka miwili waliokua vizuri iliyo kati ya sentimita 85.5 na 91.0?

3. Katika kata moja, asilimia 10 ya watoto wako chini ya −2. Ikiwa kengele yao ina upana wa kawaida, wastani wao uko wapi?

Majibu

1. z = 4.3 ÷ 3.23 = 1.33. Kushoto ni .9082, wanaomzidi ni 0.0918.

2. Kwa 91.0, z = 1.27 na eneo la kushoto ni .8980. Kwa 85.5, z = −0.52 na eneo la kushoto ni 1 − 0.6985 = 0.3015. Jibu ni 0.5965.

3. Ndani ya jedwali, .9000 iko karibu na 1.28. Wastani ni −2 + 1.28 = −0.72. Hata kata hiyo, ambayo watoto tisa katika kila kumi wako juu ya mstari, kengele yake imesogea kwa karibu robo tatu ya mkengeuko sanifu.